Barua ya Marudio kwa Wanafunzi wa Kiswahili Ughaibuni

Muhula wa kwanza katika vyuo vikuu vingi vya Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika katikati ya Desemba. Miongoni mwa wanafunzi wanaofanya mitihani katika wiki hizo za mwisho wamo wanaojifunza Kiswahili kwa mara ya kwanza. Mnamo Agosti walikuwa hawajui hata kuamkia, na sasa wanatakiwa kutunga sentensi, kukanusha na kusema saa. Siku chache kabla ya mtihani hupokea barua fupi yenye sehemu mbili, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini. Barua hiyo huwaambia lini na wapi watakutana kwa marudio, kisha huorodhesha mambo yatakayorudiwa. Mwandishi wake ni msaidizi wa mwalimu.

Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja, na anayeiona huenda akadhani ni tangazo la kawaida. Lakini ikiandikwa kwa makini huwa ndiyo zoezi la kwanza la marudio, kwa kuwa mwanafunzi anayeisoma sehemu ya Kiswahili hadi mwisho amekwisha kupitia karibu kila jambo atakaloulizwa. Makala haya yanaeleza namna barua hiyo inavyotungwa na mada zinavyochaguliwa, pamoja na mahali ambapo wanafunzi hukosea.

Msaidizi ni nani

Kwa kawaida kozi ya Kiswahili huwa na mhadhiri mkuu, ambaye ndiye anayepanga muhtasari wa masomo, kutunga mtihani na kutoa alama. Msaidizi huendesha vipindi vya mazoezi na mazungumzo, husahihisha kazi za nyumbani na huwapokea wanafunzi waliokwama. Baadhi ya wasaidizi ni wanafunzi wa shahada za juu wa chuo hicho hicho. Wengine huletwa na mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ulioanza mwaka 1968. Mpango huo huwachukua walimu vijana kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo Kenya na Tanzania, wakafundishe lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi.

Utaratibu wa kumweka mwenye lugha kando ya mwalimu mgeni ni wa zamani. Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zilizofundishwa, na wasemaji wa Kiswahili waliletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kusaidia kazi hiyo. Anayejulikana zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, aliyewasili Berlin mwaka 1900. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903.

Tangu zama hizo mzigo wa msaidizi haujabadilika sana. Anaijua lugha kwa ulimi, lakini anayekaa mbele yake hana ulimi huo na anataka kanuni. Mtoto wa Tanga au Mombasa hakufundishwa na mtu kwamba husemwa "kitabu changu" na si "kitabu yangu". Alilisikia hivyo tangu utotoni. Msaidizi aliyezoea kufundisha watoto wa shule wanaokijua Kiswahili tayari hulazimika kuitazama lugha yake upya, aone viungo ambavyo hakuwahi kuvihesabu. Hakuna mahali jambo hilo linapoonekana wazi kama anapokaa kuandika orodha ya marudio.

Rasimu ya kwanza huwa nzito mno

Mtu aliyesoma shule zetu ana mtindo wa matangazo kichwani, na rasimu yake ya kwanza aghalabu huwa ya namna hii:

"Mnatangaziwa kwamba kutakuwa na kipindi cha marudio kitakachofanyika siku ya Alhamisi, ambapo mada zote zilizofundishwa zitapitiwa. Mnaombwa kuhudhuria bila kukosa."

Ni Kiswahili safi, na kikibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo chochote cha Dodoma au Eldoret hakuna atakayekwama. Kwa mwanafunzi wa miezi minne ni ukuta. "Mnatangaziwa" ina kauli ya kutendea na ya kutendwa kwa pamoja, na "mnaombwa" nayo ni ya kutendwa. "Kitakachofanyika" imebeba kirejeshi "-cho-" katikati ya kitenzi, na "zilizofundishwa" ina kirejeshi pamoja na kauli ya kutendwa. Hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kinachofundishwa mapema katika muhula wa kwanza. Mwanafunzi akisoma sentensi mbili hizo na kuona haelewi, hushuka moja kwa moja kwenye Kiingereza, na sehemu ya Kiswahili inabaki pambo.

Kwa hiyo msaidizi mwangalifu hupitia rasimu yake kitenzi kimoja kimoja huku muhtasari wa kozi ukiwa wazi mezani. Kila umbo ambalo wanafunzi hawajafundishwa hutolewa, na maana ile ile hujengwa kwa maumbo waliyo nayo. "Kipindi kitakachofanyika" kinageuka "tutakutana". "Mada zote zilizofundishwa zitapitiwa" inageuka "tutarudia mambo haya". "Mnaombwa kuhudhuria" inageuka "njooni", amri ambayo wameisikia darasani tangu wiki ya kwanza pamoja na "someni" na "andikeni". Msamiati nao hupimwa vivyo hivyo. Neno jipya moja au mawili linaruhusiwa, mradi sentensi yenyewe ilifichue.

Huu hapa ni mfano wa sehemu ya Kiswahili baada ya kazi hiyo, nilioutunga kwa ajili ya makala haya kwa darasa la muhula wa kwanza:

> Wanafunzi wapenzi,
>
> Hamjambo? Mtihani wetu utakuwa Jumatatu, tarehe 14 Desemba. Kabla ya mtihani tutarudia masomo pamoja. Tutakutana Alhamisi, tarehe 10 Desemba, saa kumi jioni, katika darasa letu. Tutamaliza saa kumi na moja na nusu.
>
> Tutarudia mambo haya matano:
>
> 1. Maamkizi. Mfano: Shikamoo. Marahaba.
> 2. Ngeli tano: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI. Mfano: Kitabu changu kizuri kimepotea. Vitabu vyangu vizuri vimepotea.
> 3. Nyakati nne na kukanusha. Mfano: Nimekula. Sijala.
> 4. Viambishi vya watu katika kitenzi. Mfano: Mwalimu ananiita. Nilimwona mwalimu.
> 5. Saa na siku. Mfano: Leo ni Jumanne. Sasa ni saa nane mchana.
>
> Hatutarudia "amba-". Hakuna "amba-" katika mtihani.
>
> Leteni daftari, kalamu na maswali mawili. Njooni mapema!
>
> Mwalimu msaidizi wenu

Ukiitazama barua hii utaona inatumia karibu yote inayoyaorodhesha. Ina wakati ujao katika "tutakutana" na ukanushaji wake katika "hatutarudia". Ina upatanisho wa ngeli katika "mtihani wetu", "darasa letu" na "mambo haya matano". Ina siku, tarehe na saa, na imeanza kwa maamkizi ya wengi. Mwanafunzi aliyefika mwisho bila kushuka chini ana sababu ya kujiamini, na aliyekwama anajua amekwama kwenye neno gani. Swali lake la kwanza kati ya yale mawili limekwisha kupatikana.

Kazi ya sehemu ya Kiingereza

Wapo wanaouliza kwa nini kuwe na Kiingereza hata kidogo. Jibu ni kwamba barua hii ina habari ambazo mwanafunzi hana haki ya kuzikosa kwa sababu tu lugha bado changa kwake, yaani siku, saa, mahali, kilichomo mtihanini na kisichokuwamo. Hayo yakieleweka vibaya, madhara yake ni alama, si somo. Kwa hiyo hurudiwa kwa lugha ambayo kila mmoja darasani anaisoma bila shida.

Sehemu ya Kiingereza haifuati Kiswahili neno kwa neno. Hufuata mpangilio wake, ili nambari ya tatu ya juu iwe ndiyo nambari ya tatu ya chini na mwanafunzi aweze kulinganisha. Ndani ya kila nambari, Kiingereza huongeza maelezo ambayo Kiswahili cha darasa hilo hakiwezi kuyabeba, kwa mfano kwamba katika ngeli mtihani utadai kugeuza sentensi nzima kutoka umoja kwenda wingi, au kwamba katika maamkizi watapewa hali fulani na kutakiwa kuchagua salamu inayofaa. Mifano ya sentensi hubaki kwa Kiswahili katika sehemu zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo sehemu hiyo hulimaliza kabisa, nalo ni tofauti ya majina ya ngeli. Msaidizi aliyesoma Kenya au Tanzania anazijua ngeli kwa viambishi vya upatanisho, yaani A-WA, KI-VI na kuendelea. Vitabu vingi vya ughaibuni huzitaja kwa nambari, mtindo unaotokana na kazi ya Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyelinganisha lugha za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1862. Katika mtindo huo "mtu" yumo katika ngeli ya 1 na "watu" ya 2, "kitabu" ya 7 na "vitabu" ya 8. Msaidizi anaposema "KI-VI" na kitabu kikasema "7 na 8", mwanafunzi anaweza kudhani ni mada mbili. Mstari mmoja wa Kiingereza wenye majina yote mawili sambamba huondoa tatizo hilo.

Saa kumi ni saa ngapi

Hatari kubwa kuliko zote katika barua hii iko kwenye saa. Kwetu siku huhesabiwa kuanzia asubuhi, jua linapochomoza. Saa moja baada ya hapo ni saa moja, na adhuhuri ni saa sita. Marekani saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na tena kuanzia adhuhuri, hivyo mishale inatofautiana na maneno yetu kwa saa sita. Barua inaposema "saa kumi jioni", saa ya ukutani darasani itakuwa inaonyesha 4:00. Mwanafunzi aliyeshika kwamba "kumi" ni 10 na kusahau mengine atasoma 10:00. Akifika usiku atakuta mlango umefungwa.

Msaidizi naye anaweza kuteleza kwa upande wake. Akiwa amekaa Marekani miezi kadhaa, simu yake ikionyesha 4:00, vidole vyake vinaweza kuandika "saa nne jioni", saa ambayo haipo katika Kiswahili, kwa sababu saa nne ni ya asubuhi au ya usiku. Ndiyo maana kabla ya kutuma barua husoma sehemu mbili kwa jozi, saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza, akihesabu tofauti ya sita kila mara. Kumi na nne, sita kati yake. Kumi na moja na nusu na tano na nusu, sita kati yake. Neno la kipindi cha siku, "asubuhi", "mchana", "jioni" au "usiku", halikosekani kamwe, kwa kuwa ndilo linalomwongoza mwanafunzi akichanganyikiwa.

Siku za juma zina mtego wao mdogo. Majina yetu huanza kuhesabu Jumamosi, ikifuatwa na Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ni ya tatu na Jumanne ni ya nne. Mgeni aliyezoea kuanza juma Jumatatu akiona "nne" ndani ya "Jumanne" huhesabu vidole na kufika Alhamisi. Tarehe iliyoandikwa kando ya siku, kama ilivyo katika mfano wetu, huuzima mtego huo bila maelezo marefu. Hata hivyo saa na siku zimewekwa pia katika orodha ya mada, kwa sababu mtihanini hapatakuwa na sehemu ya Kiingereza ya kushukia.

Kwa nini mfano mmoja kwa kila mada

Orodha dhaifu husema "ngeli" au "sura ya 1 hadi ya 8". Mwanafunzi akisoma hivyo hajui aanze wapi, na wengi huishia kukariri kurasa za mwanzo ambazo tayari wanazijua. Sentensi moja ya mfano humwambia kiwango anachotakiwa kukifikia. Kwa sababu hiyo mfano huchaguliwa kwa hesabu, na haufai kuwa sentensi yoyote iliyokuja kichwani.

Chukua "Kitabu changu kizuri kimepotea". Ngeli ya KI-VI imejitokeza mara nne ndani ya maneno manne, kwenye nomino, kwenye kimilikishi, kwenye kivumishi na kwenye kitenzi. Katika kimilikishi haikuja kama "ki-" bali kama "ch-", kwa sababu inakutana na irabu ya "-angu", na katika wingi "vi-" imekuwa "vy-". Mwanafunzi anayeweza kuigeuza sentensi hiyo kwenda wingi bila kukosea ameshika jambo zima. Anayekosea naye hukosea mahali panapoonekana. Akiandika "kitabu yangu", amechukua kimilikishi cha I-ZI, cha "nyumba yangu" na "nguo yangu", na kukitumia kila mahali. Akiandika "kitabu mzuri", amechukua umbo la A-WA. Msaidizi akisahihisha sentensi kumi za namna hiyo anajua la kufanya Alhamisi.

Darasani, sentensi hiyo hufuatwa na nyingine zinazoongeza ugumu hatua kwa hatua. "Gari langu zuri limeharibika" inaleta LI-YA. Kisha "Kiboko mkubwa amelala". Hapa nomino inaanza kwa "ki-", lakini kivumishi na kitenzi ni vya A-WA, kwa sababu kiumbe chenye uhai hufuata A-WA bila kujali nomino inaanzaje. Mwanafunzi akilizoea hilo, hukutana na "Rafiki yangu mzuri amefika" na kuona kanuni kama imevunjwa. "Mzuri" na "amefika" zimefuata uhai wa rafiki, ila "yangu" imebaki ya I-ZI. Ndivyo ilivyo kwa majina mengi ya ujamaa na ukaribu yasiyo na kiambishi cha "m-": mama yangu, baba yangu, dada yangu, na katika wingi ndugu zangu, rafiki zangu. Kimilikishi hushikamana na ngeli ya umbo la nomino, na maneno mengine yote hushikamana na uhai.

Msaidizi ambaye hakujiandaa akiulizwa kwa nini si "rafiki wangu" hujibu kwamba ndivyo tunavyosema. Jibu hilo ni la kweli, lakini mwanafunzi hawezi kulitumia kesho kwenye "shangazi". Orodha ndogo ya majina ya ujamaa ikiandikwa ubaoni pamoja na kanuni ya mstari mmoja, jambo hilo huisha kwa dakika tano.

Kukanusha ndiko kugumu zaidi

Ikiwa muda wa kikao ni dakika tisini, msaidizi mzoefu hutenga thelathini nzima kwa nambari ya tatu. Sababu yake ni kwamba katika Kiswahili ukanushaji hauji kwa kuongeza neno moja mbele ya sentensi. Kitenzi chenyewe hubadilika, na kila wakati una njia yake.

Wakati ujao ni rahisi: "nitasoma", "sitasoma", na "-ta-" inabaki. Wakati uliopita hubadilisha alama: "nilisoma", "sikusoma", "-li-" imeondoka na "-ku-" imeingia. Wakati uliopo huondoa alama kabisa na kugeuza irabu ya mwisho: "ninasoma", "sisomi". Hali timilifu hubadilisha "-me-" kuwa "-ja-": "nimesoma", "sijasoma". Njia ni nne kwa nyakati nne, na mwanafunzi anayetafuta kanuni moja hutunga "simesoma" au "sinasoma".

Kuna vikwazo viwili vya ziada. Kwanza, vitenzi vyenye asili ya Kiarabu visivyoishia na "-a" havigeuzi irabu, kwa hiyo ni "sifikiri", "sijibu" na "sisafiri". Pili ni vitenzi vya silabi moja kama "kula", "kunywa" na "kuja". Katika "ninakula", "nilikula", "nimekula" na "nitakula", ile "ku-" ya kitenzi hubaki. Katika kukanusha hubaki kwa wakati ujao tu, "sitakula", na katika wakati uliopo huondoka, tukapata "sili". Katika hali timilifu, umbo la sanifu ni "sijala", ingawa "sijakula" husikika sana mitaani, na msaidizi hufanya vizuri kusema wazi ni lipi litakalokubaliwa na mhadhiri. Katika "sikula", mwanafunzi huona "ku" na kudhani ni ile ile ya "kula". Kumbe hapo ni alama ya ukanushaji wa wakati uliopita. Kitenzi kimebaki na "-la" peke yake.

Ndiyo sababu barua imechagua "Nimekula. Sijala." kuwa mfano wa nambari hii, badala ya "nilisoma" ambayo ingekuwa rahisi. Mfano huo unakusanya badiliko la alama na tabia ya silabi moja pamoja. Pia unafungua mlango wa tofauti ya maana ambayo wanafunzi huipoteza mara kwa mara. "Sikula" hueleza wakati uliokwisha pita: jana mchana sikula, na mchana huo umeondoka. "Sijala" hueleza hali inayofika hadi sasa: sijala, na bado naweza kula. Mgeni akiulizwa na mwenyeji wake Arusha "umekula?" akajibu "sikula", jibu halitakaa vizuri masikioni. Akijibu "bado, sijala", ataletewa sahani.

Mambo yanayoharibu kikao

Kasoro ya kwanza ni msaidizi kupanga orodha bila kuipitisha kwa mhadhiri. Anayetunga mtihani ni mhadhiri, na mada ikiwa mtihanini lakini haimo kwenye barua, wanafunzi watakuwa na haki ya kulalamika kwa maandishi waliyopewa. Kinyume chake pia ni kibaya. Orodha iliyobanwa mno, yenye maneno yale yale yatakayoulizwa, huwa imetoa mtihani kabla ya siku yake. Mstari wa "hatutarudia amba-" hupatikana kwa mazungumzo hayo na mhadhiri, na mara nyingi ndio mstari unaowaondolea wanafunzi wasiwasi mkubwa kuliko yote.

Kasoro ya pili ni siku. Kikao kikifanyika jioni ya mkesha wa mtihani, mwanafunzi anayegundua udhaifu wake hana muda wa kuurekebisha. Katika mfano wetu kuna Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kati ya kikao na mtihani, nazo zinatosha kufanya zoezi moja la kukanusha kila siku.

Kasoro ya tatu ni msaidizi kufundisha upya muhula mzima kwa dakika tisini. Njia bora ni kuanza kwa karatasi ya nusu ukurasa isiyo na jina, yenye sentensi tano, moja kwa kila mada, ifanywe kwa dakika kumi. Karatasi hukusanywa na kupitiwa hapo hapo. Ikiwa karibu wote wamepata maamkizi na saa, mada hizo hazigusiwi tena. Ikiwa nusu wameandika "nimeona mwalimu" badala ya "nimemwona mwalimu", inajulikana kwamba nambari ya nne haijaingia: wanakumbuka "ananiita" kwa sababu mtendwa hajatajwa kwa jina, ila mtu akitajwa waziwazi wanadhani kiambishi chake katika kitenzi hakihitajiki. Muda wote uliobaki huelekezwa huko na kwenye kukanusha.

Msaidizi aliyeletwa kwa mpango wa miezi tisa hurudi nyumbani mwezi Mei au Juni, na Agosti inayofuata huja mwingine aanze upya. Anayejali kazi humwachia mrithi wake barua zote za marudio alizoandika, na chini ya kila mada huandika makosa aliyoyakuta kwenye zile karatasi zisizo na jina. Mrithi huyo, hata akifika hajawahi kujiuliza kwa nini ni "rafiki yangu" na si "rafiki wangu", atakuta swali hilo na jibu lake vinamngoja.